"Tunaishughulikia, mama" si jibu

Jumanne asubuhi simu yangu imelia nikiwa napima rangi. Ni yule kijana wa mauzo: "Krediti noti iko mbioni mama, usijali", na viganja viwili vya kuomba radhi. Ni mara ya nne naahidiwa hati hiyo ya kunipunguzia deni la vigae vilivyovunjika. Tangu Machi iko mbioni, na kwa mbio hizo ingekuwa imeshafika Nairobi ikarudi Mombasa kwa miguu.

Kisa chenyewe ni kidogo. Tarehe 11 Machi nilishushiwa boksi 120 za vigae vya sakafu. Boksi 14 zilikuwa zimeshakuwa vigae kweli, vile vya kuokota kwa ufagio. Nikaandika "14 zimevunjika" kwenye delivari noti, dereva akatia sahihi, nikapiga picha. Tarehe 14 nikaahidiwa krediti noti "wiki ijayo". Ahadi ni deni, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuuziwa vigae kwa mkopo wa siku 60.

Sasa nikiri kosa langu, maana limeniuma. Mara tatu za kwanza nilijibu "sawa, nasubiri" au "fanyeni haraka basi". Hasira tupu, na hakuna hata neno moja ambalo mtu wa hesabu angeweza kulifanyia kazi. Kijana wa mauzo hatoi krediti noti. Anayetoa ni dada wa hesabu aliyekaa kwenye eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA, na mfumo ule haumruhusu kufika popote bila namba ya ankara ya awali. Ukiandika "ule mzigo wa vigae", kijana atakuwa hana cha kumpelekea, atakujibu wewe kwa viganja.

Kwa hiyo mara ya nne niliandika hivi:

"Ndugu yangu, salaam. Krediti noti mliyoniahidi tarehe 14 Machi haijafika. Ni ya ankara 4417 ya tarehe 11 Machi: boksi 14 zilizovunjika kwa 1,450, jumla 20,300, VAT 3,248, zote 23,548. Delivari noti yenye sahihi ya dereva nimeiambatisha. Naomba niipate kabla ya Ijumaa tarehe 16 Mei, saa kumi jioni. Tafadhali mpelekee mtu wa hesabu ujumbe huu kama ulivyo."

Basi. Hakuna tusi, hakuna "mimi ni mteja wenu wa miaka mingi".

Tarehe ndiyo watu huiogopa, wanaona ni ukali. Ukali uko wapi? "Haraka iwezekanavyo" ni lugha ya kumpa mtu ruhusa ya kusahau. Nilichagua tarehe 16 kwa sababu krediti noti ya Mei inaingia kwenye ritani ya Mei, ile ya kuwasilisha kufikia tarehe 20 Juni, na nilitaka wiki mbili za akiba kabla ya mwezi kuisha, wakikosea irekebishwe. Tena sheria ya VAT ya hapa Kenya inasema krediti noti isitolewe baada ya miezi sita tangu ankara. Yangu inakomea Septemba. Anayesubiri kwa heshima hadi Oktoba atabaki na heshima yake.

Na jambo linalonichekesha ni kwamba hata wao wanapunjika. Ile 3,248 wameshaitangaza kwa KRA kama kodi ya mauzo, kwa vigae ambavyo sitavilipia. Krediti noti ndiyo inayowaruhusu kuipunguza. Namkumbusha mtu achukue pesa yake na bado anaona namsumbua!

Mtaniambia, si ukate tu hizo pesa unapolipa? Nilishafanya hivyo mwaka fulani. Stetimenti yao ikaendelea kuonyesha nadaiwa, akaunti ikafungwa, na lori langu likabaki getini kwao siku nzima kwa deni ambalo si deni. Kata ukitaka, lakini karatasi utaihitaji tu.

Haya, nimpe kijana haki yake kidogo: huenda kweli ghala halijamthibitishia hizo boksi 14. Lakini aseme hivyo. "Nasubiri ghala" ningeielewa.

Krediti noti imefika jana, Alhamisi, siku moja kabla. Namba ya ankara sawa, msimbo wa QR umefunguka. Ila jumla ni 20,300, VAT ikiwa ndani yake. Dada wa hesabu amechukua bei isiyo na kodi akaifanya ndiyo yote.

Nimeshajibu: "Asante, nimepokea 20,300. Imebaki 3,248 kwa ankara ileile 4417. Naomba krediti noti ya tofauti hiyo kabla ya Jumatano tarehe 21 Mei, saa kumi jioni."