Volti 27 za BC547 zilizonifanya niwashe feni

Kijana mmoja wa mwaka wa pili alinijia na daftari lake la maabara, akaniambia, "Mwalimu, nimepima volteji ya Early ya transista ya BC547, nimepata volti 27." Nikamwambia arudie. Akasema amesharudia mara tatu, na kila mara jibu ni lilelile. Hakuwa anadanganya, na mita yake ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye namna tunayowafundisha kupima, na ndilo linalonisukuma kuandika leo.

Kwanza jina. Wanafunzi wengi hudhani "Early" ni neno la Kiingereza lenye maana ya mapema, na nimewahi kusoma jibu la mtihani lililoandika "athari ya mapema". Ni jina la mtu. James Early alikuwa mhandisi wa maabara ya Bell kule Marekani, na mwaka 1952 alieleza kwa nini mkondo wa kolekta hautulii hata transista ikiwa imeshaingia kwenye eneo lake la kazi.

Alichokiona ni hiki. Kati ya kolekta na beisi kuna ukanda usio na chaji huru. Ukiongeza volti kwenye kolekta, ukanda huo unapanuka, na sehemu ya upanuzi inamega beisi. Beisi ni nyembamba tangu mwanzo, kwa hiyo hata kumegwa kidogo kunaonekana. Elektroni zinazotoka kwenye emita zinakuwa na njia fupi ya kuvuka, msongamano wao unashuka kwa ukali zaidi toka upande mmoja wa beisi hadi mwingine, na mkondo unaongezeka ingawa volti kati ya beisi na emita haijaguswa. Ndiyo maana mistari ya grafu ya mkondo wa kolekta inapanda kidogo kidogo badala ya kulala. Ukiirudisha mistari hiyo nyuma, volti inapokatia mhimili ndiyo volteji ya Early: ikiwa kubwa, mistari imelala zaidi.

Transista za gerimaniamu za enzi za Early zilisumbuka zaidi, kwa sababu kolekta yake ilikuwa imetiwa uchafu mwingi, yaani atomi za kigeni zinazoongezwa kwa makusudi, kuliko beisi, na ukanda hupanukia upande wenye uchafu mchache. Beisi ndiyo ililiwa. Transista zetu za silikoni zimegeuzwa: kolekta ndiyo yenye uchafu mchache, kwa hiyo upanuzi mwingi unaishia huko na beisi inapona. Kwa hiyo BC547 yenye volti 27 ilinipa shaka kabla hata sijagusa waya. Kwa transista ya aina hiyo ningetarajia kitu cha karibu na volti 100.

Tukaunganisha upya jaribio lake mezani kwangu. Lilikuwa kioo cha mkondo: BC547 mbili, beisi kwa beisi, emita zote kwenye hasi. Ya kwanza imeunganishwa beisi na kolekta pamoja, inapitisha miliampia 1. Ya pili inatakiwa kuiga. Mimi napenda sana saketi hii kwa somo hili kuliko kikuza sauti ambacho vitabu hukimbilia. Kwenye kikuza sauti chenye rezista ya kilo-omu 2.2 kwenye kolekta, ukinzani wa ndani wa transista ukiwa makumi ya kilo-omu unakula asilimia chache tu ya ukuzaji, na mwanafunzi anaondoka akiamini jambo lenyewe ni pambo la mtihani. Kwenye kioo cha mkondo hakuna pa kujificha.

Kolekta ya pili ikiwa volti 0.65, mita ilisoma miliampia 1.00. Tukaipandisha hadi volti 10.65. Mita ikaonyesha 1.18, kisha 1.22, ikaendelea kutambaa, na baada ya kama dakika moja ikatulia karibu na 1.36. Kijana akaandika 1.36 bila kusita. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa: ongezeko la miliampia 0.36 kwa volti 10 ni mikroampia 36 kwa volti, yaani ukinzani wa kutoa wa kama kilo-omu 28, na ukirudisha mstari nyuma unakata mhimili kwenye volti 27 hivi.

Nikamuuliza: beisi ikimegwa, inachukua dakika nzima kumegwa? Ukanda ule unapanuka papo hapo, kwa muda ambao mita ya mkononi haiwezi hata kuuhisi. Kinachotambaa ni joto. Nikawasha feni ya mezani na kuielekeza kwenye bodi, na namba zikaanza kushuka mbele ya macho yake.

Hebu tuhesabu. Transista ya pili inapitisha miliampia 1.36 kwa volti 10.65, ambayo ni miliwati 14 na nusu. Mtu anaona hiyo ni chembe. Lakini kifuko kile kidogo cha plastiki kina ukinzani wa joto wa kama nyuzi 200 kwa wati, kwa hiyo silikoni ndani yake inapanda karibu nyuzi 3. Ukishikilia volti ya beisi palepale, kila nyuzi moja ni sawa na kuiongezea beisi milivolti 2, na milivolti 2 ni asilimia 8 ya mkondo. Nyuzi 3 zinatosha kuongeza zaidi ya asilimia 20, ilhali kusinyaa kwa beisi kunachangia kama asilimia 10 tu. Alichopima kwa sehemu kubwa kilikuwa joto, akakipa jina la Early.

Ukisoma ile 1.18 ya kwanza pia hujapona, kwa sababu silikoni hupata joto haraka kuliko kifuko chake, na sehemu ya joto imeshaingia kabla mita haijamaliza kusoma. Watengenezaji wanalijua hili. Kwenye karatasi zao za data utakuta maneno madogo chini ya jedwali kwamba kipimo kimefanywa kwa mapigo ya mikrosekunde 300, yasiyozidi asilimia 2 ya muda wote. Sisi tunayaruka maneno hayo.

Tukafanya hivyohivyo. Rezista ya omu 100 kwenye kolekta, mapigo mafupi, osiloskopu juu ya rezista. Mwanzo milivolti 100, kwenye volti ya juu milivolti 109. Hapo mwinuko ni mikroampia 9 kwa volti, ukinzani wa kutoa ni kilo-omu 111, na volteji ya Early ni kama volti 110.

Kwa anayejenga kitu cha kutumika, dawa ni rahisi: weka rezista ya omu 470 kwenye kila emita. Mkondo ukijaribu kupanda, volti ya emita inapanda nayo na kuibana transista. Beisi iliyosinyaa na joto kwa pamoja vilikuwa sawa na milivolti 8 hivi, na sasa milivolti hizo zinagawanywa kwa karibu omu 500, kwa hiyo kosa linabaki kama mikroampia 16. Unalipa kwa kupoteza nusu volti ya nafasi upande wa chini. Na tumia rezista za asilimia 1. Kijana alichomeka za asilimia 5 alizozikuta kwenye kopo langu, akapata kosa la mikroampia 40, akaniangalia kana kwamba nimemtania.