"Mafuta yalipanda bei" ni sababu ama ni kisingizio?

Kila mwisho wa mwezi kuna vita baridi kati ya watu wa fainansi na mameneja wa kosti senta, yaani vitengo vinavyobebeshwa gharama zake. Ripoti ya ERP, ile sistimu inayoshika hesabu za kampuni nzima, inatoka na safu tatu, bajeti, matumizi halisi, tofauti, halafu kuna kanafasi kadogo ka kuandika maelezo, na meneja wa usafiri anaandika maneno matatu tu: mafuta yalipanda bei. Bosi anasoma, anaguna, anasaini.

Tuchukue kampuni ya mfano, iko Baba Dogo, inasambaza bidhaa hadi Thika na Kitengela. Bajeti ya mwezi ilisema delivari 800, kila moja kilomita 50, jumla kilomita 40,000. Lori zinaenda kilomita 4 kwa lita, so lita 10,000 kwa shilingi 170, ni 1,700,000. Mwezi ukaisha na kilomita 46,000, lita 12,000 kwa wastani wa 180, jumla 2,160,000. Imepita na 460,000.

Sasa, bei ilipanda kweli, hakuna mtu anabisha. EPRA hutangaza bei tarehe 14 na inashika kuanzia 15, maanake mwezi mmoja wa hesabu unabeba bei mbili, ndio maana hiyo 180 lazima iwe wastani wa lita zenyewe na si bei uliyoona kwa bango juzi. Lakini piga hesabu: shilingi 10 mara lita 12,000 ni 120,000. Hizo 340,000 zingine zilienda wapi?

Hapo ndio watu wanagawanyika. Kundi la kwanza linasema bajeti ikishapitishwa na bodi ifungwe kwa sistimu, asiguse mtu, ukizidisha umezidisha. Wana pointi, kwa sababu mahali bajeti inafunguliwa kila robo mwaka, kufika Septemba kila meneja yuko sawa na bajeti na kampuni haina pesa. Kundi la pili linasema hiyo ni uonevu, mauzo wameleta oda nyingi na wamepongezwa, halafu usafiri wanapigwa kwa kuzipeleka. Wanataka bajeti ipimwe upya kulingana na kazi iliyofanyika, yaani kilomita 46,000 zingekula lita 11,500, so meneja aulizwe tu lita 500 zilizozidi, ambazo kwa bei ya bajeti ni 85,000.

Mimi naegemea hawa wa pili, ila kuna shimo hapo ambalo wengi hawalioni. Kilomita ni za nani? Ni huyo huyo meneja anapanga ruti! Ukipima kazi kwa kilomita, lori ikienda Thika mara mbili siku moja hiyo inahesabika kama kazi imeongezeka, na anasamehewa. Pima kwa delivari uone. Mwezi huo zilikuwa 840, si 800, so kilomita za haki ni 42,000. Zile 2,000 za juu zililetwa na mauzo, zinakula lita 500, ni 85,000. Zile 4,000 zilizobaki ni ruti mbaya, lita 1,000, ni 170,000, na hiyo ndio pesa kubwa kuliko zote kwa hii hadithi, kubwa hata kuliko bei ya mafuta yenyewe, na haiko popote kwa yale maneno matatu. (Meneja atasema godauni ndio walitoa oda nusu nusu. Inawezekana, basi iandikwe hivyo na godauni wajibu.)

Shida ni kwamba ripoti ya kawaida ya bajeti kwa ERP inajua shilingi tu. Haijui kilomita wala delivari mpaka uziweke, kwa mfano kwenye SAP kuna `Statistical Key Figures` za kubeba hizo idadi kwa kosti senta. Na delivari zitoke kwa noti zilizosainiwa na wateja, zisiandikwe na kosti senta inayopimwa nazo. Kama kampuni haina data ya kuaminika, heri ibaki na bajeti iliyofungwa kwanza, kwa sababu kipimo kinachochezewa ni kibaya kuliko kipimo kikali.

Zikishagawanywa hivyo, makadirio ya miezi iliyobaki nayo yanabadilika. Bei ya 180 inaingia moja kwa moja hadi EPRA waseme vingine. Delivari 840 zinaingia kama mauzo wanathibitisha hizo oda zitarudi. Lakini ile 170,000 ya ruti na 85,000 ya lita zilizozidi hazifai kuingia kama kawaida, juu ukiziingiza mwezi ujao zitakuwa zimehalalishwa na ripoti itaonyesha tofauti ni sifuri. Kama ruti itachukua miezi miwili kurekebishwa, weka miezi miwili, kwa mstari wake peke yake, na jina la mwenye kuirekebisha.