Prompti moja, programu nne, na swali tulilosahau kuuliza

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Mteja anauza programu ya kutunza hesabu za biashara, na alitaka picha ya kukaa juu kabisa ya ukurasa wake wa mbele: mwanamke mmoja amekaa mezani upande wa kulia, mikono yote miwili iko kwenye kibodi, mwanga unaingia kutoka dirishani, na theluthi ya kushoto ni ukuta mtupu ambapo maandishi yake yatakaa. Uwiano ni 16:9. Baada ya hiyo zingefuata nyingine kumi na moja za mtindo huo huo, moja kwa kila ukurasa.

Tulifanya kama wengi wanavyofanya. Tulifungua programu nne za kutengeneza picha, tukabandika prompti ile ile, yaani maelezo ya picha tunayoitaka, kwenye kila moja, tukachagua picha iliyopendeza zaidi kutoka kila programu, kisha tukaziweka zote nne mbele ya mteja. Akachagua moja bila kusita, nasi tukalipia programu iliyoitengeneza. Siku mbili baadaye bado tulikuwa tunahangaika na picha ya tatu. Kila mara ukuta ulijazwa rafu na maua, au kidole cha sita kilichomoza pembeni ya kibodi. Picha nzuri tuliyomwonyesha mteja ilikuwa bahati, na bahati hiyo haikurudi.

Tangu hapo nina msimamo mmoja: kulinganisha picha bora ya kila programu hakutuambii chochote kuhusu kazi ya biashara. Swali la kuuliza ni hili: kati ya picha zote ambazo programu imetoa, ni ngapi ningeweza kumkabidhi mteja? Ukilichukua swali hilo kwa uzito, utalazimika kubadilisha karibu kila hatua ya jaribio.

Kwanza, vigezo viandikwe kabla picha hata moja haijatokea. Ukiona picha kwanza, jicho linaanza kutetea ile lililoipenda, na vigezo vinajipinda kuifuata. Mimi navigawa mara mbili. Kundi la kwanza ni masharti ya lango, ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana. Kwa kazi hii yalikuwa matatu: mikono ina vidole sahihi na imekaa kama ya mtu anayeandika kweli, theluthi ya kushoto haina kitu, hakuna herufi za uongo popote. Picha ikishindwa sharti moja, imetoka, hata ingekuwa nzuri kiasi gani. Kundi la pili ni alama za 0 hadi 2 kwa mwanga, uhalisia wa uso na upatanifu wa rangi, na hizo hupewa zilizopita lango tu. Watu wengi hujumlisha vyote pamoja, na hapo ndipo picha yenye vidole sita inapomshinda mwenzake kwa sababu mwanga wake unavutia.

Kuna lango lingine la kupita hata kabla ya kuanza, nalo ni leseni. Modeli ya kutengeneza picha FLUX.1 [schnell] ilitolewa kwa leseni ya Apache 2.0, inayoruhusu matumizi ya kibiashara, lakini ndugu yake FLUX.1 [dev] ilitolewa kwa leseni isiyo ya kibiashara. Majina yanafanana, ruhusa hazifanani. Programu ambayo huna haki ya kuitumia kwa kazi ya mteja haina sababu ya kuwa kwenye jaribio.

Sasa prompti. Tunasema tumetumia prompti ile ile, lakini je, ndiyo iliyofika? DALL-E 3, kwa mfano, ilijengwa ikiwa na hatua ya kuandika upya maelezo yako kabla ya kuchora, na walioitumia kwa API, yaani kwa kuiita kutoka kwenye programu yao wenyewe, waliona maneno mapya yakirudi kwenye sehemu iitwayo `revised_prompt`. Midjourney nayo inaongeza ladha yake kupitia kipimo cha `--stylize`, ambacho chaguomsingi lake ni 100. Kwa hiyo maneno yale yale yanaweza kupitia njia tatu tofauti kabla hayajawa picha. Sioni kosa katika hilo. Ndivyo programu hizo zilivyo, na ndivyo utakavyozitumia kazini. Kosa ni kudhani kwamba umepima uwezo wa kuchora peke yake.

Lugha pia ni sehemu ya haki. Modeli za mwanzo za Stable Diffusion zilifundishwa zaidi kwa picha zenye maelezo ya Kiingereza. Ukiipa programu ya aina hiyo prompti ya Kiswahili, na nyingine yenye hatua ya kuandika upya ukaipa hiyo hiyo, ya pili inaweza kutafsiri kimyakimya na kushinda kwa sababu ambayo haihusiani na mikono wala mwanga. Nilitumia Kiingereza kwa zote nne. Ningependa siku moja nisilazimike, lakini hapa nilikuwa napima kazi ya mteja.

Jambo jingine ni ukanushaji. Ukiandika kwamba kusiwe na maandishi kwenye skrini, mara nyingi unayaalika, maana neno lenyewe limeshatajwa na programu nyingi hazishiki vizuri maana ya kukanusha. Baadhi zina kisanduku maalumu cha vitu usivyovitaka, nyingine hazina. Nilichofanya ni kuandika kila kitu kwa kukubali: kompyuta imeigeuzia kamera mgongo, ukuta wa rangi moja. Hapo hakuna programu inayoadhibiwa kwa kukosa kisanduku.

Raundi ya kwanza ilikuwa picha nane kwa kila programu, jumla 32, bila kufuta hata moja. Namba za mbegu, zile zinazoanzisha unasibu wa kila picha, hazikunisumbua. Mbegu inasaidia kurudia picha ndani ya modeli moja, ila mbegu 42 kwenye modeli moja haina uhusiano wowote na 42 kwenye nyingine, kwa hiyo kuzilinganisha kwa mbegu moja ni haki ya macho tu.

Kisha mwenzangu alizipa picha zote majina ya nasibu, akazipunguza ziwe na ukubwa mmoja wa pikseli, na kuzihifadhi upya bila taarifa zilizofichwa ndani ya faili. Hatua hiyo inaonekana ya kupita kiasi mpaka uijaribu. Programu moja ilitoa picha pana kuliko nyingine, na ningeitambua kabla ya kutazama uso wa mwanamke. (Ukali wa picha katika ukubwa wake halisi tuliupima baadaye, peke yake.) Alifanya pia jambo ambalo sasa siliachi kamwe: alirudia picha nne kwa majina mengine, bila kuniambia ni zipi. Kati ya hizo nne, moja niliipitisha mara ya kwanza na kuikataa mara ya pili. Kilichonitatiza ni kivuli ukutani, kwamba je, ukuta wenye kivuli bado ni mtupu? Tukarudi kwenye sharti na kuliandika upya: kivuli laini kinaruhusiwa, ukingo wa kitu hauruhusiwi. Halafu tukapima zote 32 upya. Kama usipojipima wewe mwenyewe kwanza, tofauti unazoziona zinaweza kuwa zako.

Majina yalipofunuliwa, zilizopita lango zilikuwa hivi: programu A ilipitisha picha 5, B ikapitisha 1, C ikapitisha 6, na D ikapitisha 4. B ndiyo ile tuliyokuwa tumeilipia. Picha yake moja iliyopita ilipata alama za juu kuliko zote 32, na hapo nikaelewa jinsi tulivyodanganyika mara ya kwanza.

Lakini namba nane ni ndogo, na ni lazima kuzisoma kwa kiasi. Kama B na C zingekuwa na uwezo sawa kabisa, tofauti kubwa kama 6 kwa 1 ingeweza kujitokeza kwa bahati takriban mara 4 katika majaribio 100. Hiyo inatosha kunifanya niiamini. Tofauti ya C na A, 6 kwa 5, haina uzito wowote. Rudia jaribio kesho na huenda zikabadilishana nafasi. Anayetangaza mshindi kwa tofauti kama hiyo anatangaza upepo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoishia kwenye prompti moja. Prompti moja inapima namna kila programu inavyoipokea prompti hiyo, na mwandishi wa prompti huwa ana mkono wake: mimi nimezoea kuandika sentensi ndefu zilizo kamili, na programu inayopenda misemo mifupi iliyotengwa kwa koma inaanza nyuma. Kwa hiyo raundi ya pili niliipa kila programu dakika 20 za kuirekebisha prompti kwa njia inayoifaa, saa ikiwa mezani, kisha tena picha nane, tena majina yamefichwa. Maneno hayakuwa sawa tena. Nafasi ilikuwa sawa. Kwenye B nilizima sehemu kubwa ya urembo wake wa kawaida. Kwenye programu za aina ya Midjourney mkia wa prompti unaofanya kazi hiyo unafanana na huu:

```
--ar 16:9 --style raw --stylize 0
```

B ikapanda kutoka 1 hadi 4. A, C na D hazikusogea. Maana yake raundi ya kwanza ilikuwa imeionea B kidogo, ingawa si kiasi cha kuirudisha juu. Bila raundi ya pili nisingejua ni kiasi gani cha kushindwa kwake kilikuwa chake, na kiasi gani kilikuwa changu.

Zilibaki A na C, ambazo hesabu ya lango haikuweza kuzitenganisha. Alama za 0 hadi 2 nazo zilikaribiana. Tukapima kitu ambacho mteja hakioni ila sisi tunakilipa: dakika za kusafisha kila picha iliyopita hadi iwe tayari. Picha za C zilihitaji kama dakika 10 kila moja, zaidi kwenye ukingo wa nywele. Za A zilikaribia 25, kwa sababu ukuta wake ulikuwa na mabaka hafifu ya rangi ambayo hayaonekani kwenye picha ndogo, ila maandishi meupe yakiwekwa juu yake yanajitokeza. Kwa picha kumi na mbili, tofauti hiyo ni saa tatu za kazi. Tukachukua C.

Picha zote, jedwali la alama na prompti za raundi mbili nimezihifadhi kwenye folda moja, pamoja na toleo la kila programu na tarehe ya jaribio, maana programu hizi hubadilishwa na jina likabaki lile lile. Juzi D ilitoa toleo jipya. Nilitumia prompti ile ya kwanza na masharti yale yale matatu, picha nane. Safari hii zimepita 7.