Geti limefungwa: tushtaki au tuombe kampuni ifilisiwe?

"Jumatatu tumefika kazini tukakuta geti lina mnyororo. Mimi nadai mishahara ya miezi sita na nimefanya kazi pale miaka 12. Wenzangu wengine wanataka twende korti ya leba, wengine wanasema tuombe kampuni ifilisiwe. Tufuate lipi?"

Mnyororo getini si ufilisi. Kwa sheria ya Kenya, kampuni inahesabiwa kuwa imefilisika pale korti inapotoa amri, wanahisa wanapopitisha azimio la kuivunja, au msimamizi anapoteuliwa kuishika mali. Kabla ya hapo, mwajiri aliyefunga ghafla bado anabanwa na kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira: notisi ya mwezi mmoja au malipo yake, siku za likizo zilizobaki, na malipo ya kuachishwa ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Tuseme mshahara ni shilingi 30,000, yaani 1,000 kwa siku tukigawanya kwa 30. Malimbikizo ni 180,000, miaka 12 ni siku 180 kwa hiyo 180,000 nyingine, likizo ya siku 21 ni 21,000 na notisi ni 30,000. Jumla 411,000. Hilo ndilo deni unaloweza kulipeleka Mahakama ya Leba leo.

Wanaotaka ufilisi nao wana hoja nzito. Hukumu bila mali ni karatasi tu, na mwajiri aliyefunga usiku anaweza kuhamisha mashine usiku huohuo. Mfilisi hukamata kila kitu na ana uwezo wa kufuatilia kilichotoroshwa. Tena mlango uko wazi: kampuni inayodaiwa shilingi 100,000 au zaidi, ikapewa hati rasmi ya madai na isilipe kwa siku 21, huhesabiwa kuwa imeshindwa kulipa madeni, na mdai anaweza kuomba ifilisiwe.

Lakini kifungu hichohicho cha 40 kinasema hakitumiki pale kazi inapokoma kwa sababu ya ufilisi. Mwanasheria wa upande wa pili atakishika hapo ili kuyaondoa malipo yako ya kuachishwa. Wako atajibu kwamba Sheria ya Ufilisi ya 2015 yenyewe inataja fidia ya kupunguzwa kazini miongoni mwa madai ya kipaumbele. Jibu hilo lina nguvu, ila hata likikubaliwa, kipaumbele cha mfanyakazi mmoja hakivuki shilingi 200,000. Kinachozidi kinaenda foleni ya wadai wa kawaida, pamoja na aliyeiuzia kampuni mahindi na aliyeichapia magunia.

Kinachoumiza zaidi ni tarehe. Mishahara yenye kipaumbele ni ya miezi minne tu kabla ya ufilisi kuanza. Ufilisi ukianza wiki hii, 120,000 kati ya malimbikizo yako zimo na 60,000 ziko nje. Mkikaa miezi mitano mkingoja ahadi za mkurugenzi, hakuna hata mwezi mmoja uliofanyia kazi unaobaki ndani. Mimi naona hilo ni kosa la sheria: hesabu ingepaswa kuanzia siku ya mwisho ya kazi.

Benki nazo zina lao. Kiwanja na mitambo iliyowekwa rehani mahususi ni yao kwanza; nyinyi mnawatangulia kwenye mali kama bidhaa za ghalani, ambayo rehani yake ni ya jumla, na baada ya gharama za mfilisi kutolewa. Wanasema mfanyakazi akitangulia hata kwenye mitambo, hakuna atakayekikopesha kiwanda kinachoyumba, na kitafungwa mapema zaidi. Hoja hiyo ni ya kweli kiasi. Hata hivyo benki ilikagua vitabu vya kampuni kabla ya kukopesha na ina wateja wengine mia. Fundi wa mitambo hakuoneshwa kitabu chochote na mwajiri wake ni mmoja.

Kwa hali yako, ningeenda kwa afisa wa leba na kufungua kesi mara moja kama mali haijaguswa, nikiomba korti izuie isihamishwe. Mkiona malori yanapakia, au benki imeshaleta dalali, basi ombi la ufilisi lisicheleweshwe hata wiki. Likishatolewa agizo, kesi yenu husimama mpaka korti iruhusu, na kila mmoja awasilishe dai lake kwa mfilisi akiambatisha barua ya ajira, stakabadhi za mshahara na taarifa ya benki inayoonesha mwezi wa mwisho pesa kuingia. Wakati huohuo mwandikieni waziri wa leba: Sheria ya Ajira inaruhusu malimbikizo ya hadi miezi sita yaombwe kutoka hazina ya NSSF, kwa kiwango chenye ukomo, mwajiri akiwa amefilisika rasmi. Kwenye madai yanayolipwa na NSSF, malipo ya kuachishwa hayamo.