Ile asilimia 0.03 kwenye kopo la enaji

Nina darasa la tuisheni ya kemia hapa Mbagala, na wanafunzi wangu wengi hupitia dukani kwa Mangi kabla kipindi hakijaanza. Miaka ya nyuma walikuwa wakiingia na soda au juisi ya ukwaju. Siku hizi wanaingia na enaji. Mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, benchi la nyuma linajaa makopo hata kabla sijafuta ubao.

Jioni moja nilimwomba kijana mmoja wa kidato cha nne anipe kopo lake nilisome. Lilikuwa kubwa, la mililita 500. Nikamuuliza kama anajua lina kafeini kiasi gani. Akaligeuza, akatafuta kwenye yale maandishi madogo ya viambato, kisha akanijibu kwa kujiamini: "Mwalimu, ni asilimia sifuri nukta sifuri tatu tu. Si kitu hiyo."

Simlaumu hata kidogo. Mwanafunzi anayeishi kwa kutafuta asilimia 80 kwenye jaribio akiona 0.03 ataiona kama vumbi. Hata mzazi aliyesimama dukani angesema vivyo hivyo. Ndiyo maana nikafuta swali la moli nililokuwa nimeliandika ubaoni, tukaanza na kopo.

Asilimia 0.03 maana yake ni kwamba katika kila gramu 100 za kinywaji, gramu 0.03 ni kafeini. Gramu moja ina miligramu 1,000, kwa hiyo gramu 0.03 ni miligramu 30. Tukichukulia kwamba mililita 100 za kinywaji zina uzito wa karibu gramu 100, na tofauti iliyopo ni ndogo, basi kila mililita 100 zina miligramu 30. Kopo zima lina mililita 500. Zidisha kwa tano: miligramu 150. Makopo mengine huandika asilimia 0.032, na hapo inafika 160. Mengine hayatumii asilimia kabisa, huandika "miligramu 32 kwa mililita 100", na mengine huandika kwa lita, miligramu 320. Zote tatu ni hesabu ileile iliyoandikwa kwa namna tofauti, na hakuna hata moja inayokwambia moja kwa moja ni kiasi gani kitaingia tumboni mwako ukimaliza kopo. Na hakuna mtoto anayekunywa mililita 100 akafunika.

Kinachohesabika sasa ni mwili unaopokea hiyo kafeini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipolipitia suala hili mwaka 2015, ilisema kwa mtu mzima mwenye afya, asiye mjamzito, hadi miligramu 400 kwa siku haileti wasiwasi. Kwa watoto na vijana ilipendekeza kipimo cha miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kipimo hicho si mpaka wa sumu. Mtoto akikivuka kidogo haanguki pale pale. Ila kuanzia hapo hatuwezi tena kusema hakuna wasiwasi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilikuwa kikali zaidi mwaka 2011: kilisema vinywaji hivi havina nafasi kabisa katika mlo wa watoto na vijana.

Yule kijana alikwenda kupima uzito kwa jamaa mwenye mzani pale Rangi Tatu. Akarudi kesho yake: kilo 48. Mara tatu, 144. Kopo lake moja la asilimia 0.03 lilikuwa tayari limepita, na bado hatujahesabu chai ya asubuhi. Kikombe cha chai ya rangi nacho huwa na kafeini, mara nyingi miligramu 30 hadi 50 kutegemea majani na muda yaliyochemka. Mdogo wake wa kidato cha pili, ambaye huachiwa nusu kopo, ana kilo 40. Kipimo chake ni 120. Nusu kopo, miligramu 75, na vikombe viwili vya chai tu vinatosha kumfikisha hapo au kumpitisha.

Wapo wazazi wanaoniambia, mbona wazee wetu wamekunywa kahawa barazani tangu enzi na enzi? Ni kweli, na kahawa ina kafeini nyingi. Lakini kile kikombe cha muuza kahawa ni kidogo, ni cha moto, ni kichungu, kinanywewa polepole na kashata huku watu wanazungumza. Uchungu wenyewe unamzuia mtoto. Enaji ni baridi, ni tamu, na kwa joto la Dar es Salaam kopo la nusu lita linaisha ndani ya dakika chache. Kafeini ileile inaingia kwa mkupuo mmoja, kwenye mwili mdogo, na ulimi haukatai.

Utamu huo nao una hesabu yake, fupi zaidi. Kwenye jedwali la lishe tafuta mstari wa kabohaidreti, kisha chini yake mstari wa sukari. Enaji nyingi zenye sukari huwa na gramu 11 hivi kwa mililita 100. Kopo la mililita 500 ni gramu 55. Kijiko cha chai hubeba kama gramu 4, kwa hiyo ni karibu vijiko 14. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 ni gramu 50, na linasema ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Niliwaambia wanafunzi wangu hivi: makopo 18 ni kilo nzima ya sukari. Anayekunywa moja kila siku ya shule anaimaliza kilo hiyo peke yake kabla ya wiki nne. Binti mmoja akauliza kuhusu yale yaliyoandikwa "bila sukari". Sukari hapo imeondoka kweli, nikamwambia, lakini soma mstari wa kafeini. Mara nyingi ni uleule.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya sukari, nalo ni usingizi. Vijana hawa hawanywi kwa anasa. Wanakunywa ili wakeshe wasome, kwa sababu mtihani unatisha na mchana kelele ni nyingi. Wanaamini kinywaji kinaongeza nguvu, kama jina linavyosema. Kafeini haiongezi nguvu. Tunapokuwa macho, ubongo hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo tunavyosikia uchovu. Kafeini inakwenda kukaa kwenye vipokezi vya adenosini, ubongo unakosa taarifa. Uchovu upo palepale. Ni kama dereva wa daladala aliyebandika plasta juu ya taa inayoonyesha mafuta yanakwisha. Taa haisumbui tena, ila tangi halijajaa.

Na haitoki haraka. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini huchukua kama saa tano kuondoka mwilini, japo watu hutofautiana sana. Tufuate usiku wa kijana wetu kwa kipimo hicho. Anamaliza kopo lake saa mbili usiku, miligramu 150. Saa saba usiku, anapofunga daftari, bado ana 75, karibu sawa na mtu aliyemaliza kopo dogo la mililita 250 muda huohuo. Analala juujuu, anageukageuka. Saa kumi na moja alfajiri anaamshwa awahi daladala. Umri wake unahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi, yeye amepata nne za mang'amung'amu. Saa nne asubuhi anasinzia darasani, jioni anapitia tena kwa Mangi. Alichokisoma usiku hakikupata usingizi wa kukitulizia kichwani, maana kumbukumbu hujengeka tukiwa tumelala.

Dalili za kuzidisha huwa wazi kwa anayezitafuta. Vidole vinatetemeka akishika kalamu, moyo unadunda, anakuwa na hasira za ghafla au wasiwasi usio na sababu, tumbo linavuruga. Maumivu ya kifua, kuzimia, kutapika mfululizo au mapigo ya moyo yanayorukaruka si ya kusubiri nyumbani, ni ya kwenda hospitali na kopo mkononi ili daktari aone kilichonywewa. Na mtoto mwenye tatizo la moyo asiguse kabisa.

Sasa maoni yangu. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, na Poland ikafuata Januari 2024. Sipingi, lakini kwetu nisingeanzia hapo. Mangi hataomba kitambulisho kwa mtoto anayemfahamu tangu akitumwa chumvi. Ningeanza na kopo lenyewe. Umoja wa Ulaya unalazimisha kinywaji chochote cha namna hii chenye zaidi ya miligramu 150 kwa lita kiandike kwamba kina kafeini nyingi na hakifai kwa watoto, wajawazito na wanaonyonyesha. Enaji ya kawaida ina karibu mara mbili ya kiwango hicho. Onyo kama hilo nimeliona kwenye makopo niliyokusanya darasani, lakini kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, nyuma, karibu na mshono. Ninaitaka TBS, shirika letu la viwango, idai mambo mawili: onyo liwe kwa Kiswahili upande wa mbele, na kafeini iandikwe kwa kopo zima, kwa miligramu, bila asilimia. Hakuna kiwanda kitakachofilisika kwa kuchapa namba moja. Na mzazi wa Mbagala atakuwa na kitu cha kulinganisha na uzito wa mwanawe.

Yule kijana aliacha ghafla siku ileile aliyorudi na uzito wake. Kesho yake kichwa kilimuuma vibaya, akadhani ni malaria. Nilimwambia akapime, na majibu yakatoka hana. Mtu aliyezoea kafeini akiikata kwa mara moja, kichwa huanza kuuma ndani ya saa 12 hadi 24, na inaweza kuendelea siku kadhaa, hata zaidi ya wiki. Tukapanga upya: nusu kopo kwa siku nne, robo kwa siku nne, tena kabla ya saa nane mchana tu, halafu basi. Somo la usiku tulilihamishia alfajiri, saa kumi na moja, baada ya kulala saa tatu usiku. Wiki ya tatu aliingia darasani na chupa ya maji, akaketi benchi la mbele.