Barua kwa bosi wangu: sahihi yako na saa za wageni

Shikamoo Mzee,

Nimeona niandike, kwa sababu tukikaa ofisini kwako simu yako haitulii, na mimi nikikatizwa napoteza nusu ya nilichotaka kusema. Sitagusa mambo ya mavazi wala simu mezani; hayo tutaendelea kuvumiliana. Ninalotaka kusema ni moja: namna tunavyotoa bei za safari za mbugani kwa wageni, na saa tunazokaa ofisini tukisubiri kuzitoa.

Saa mbili asubuhi tunasaini daftari. Saa mbili na robo unachora mstari mwekundu, na jina likikaa chini ya mstari ni maelezo. Mpaka hapo sina ugomvi. Shida yangu inaanza saa kumi na moja jioni, tunapofunga. Mwezi wa kwanza, ambapo watu wengi wanapanga safari za Julai na Agosti, saa kumi na moja jioni ya Arusha ni saa tatu asubuhi New York na saa kumi na mbili alfajiri Los Angeles. Wageni wetu wengi wanatoka Marekani. Kwa hiyo tunafunga kompyuta pale pale mgeni anapowasha yake. Asubuhi tunafika kwa wakati, tunakaa kwa nidhamu kabisa, na watu tunaowasubiri wamelala.

Nikupe mfano wa wale wazee wawili, mume na mke, waliotaka siku sita: Tarangire, usiku tatu Serengeti, kisha Ngorongoro. Barua pepe yao iliingia Ijumaa saa moja na nusu usiku. Jumamosi ulikuwa msibani Marangu, na kotesheni haitoki bila sahihi yako, tena sahihi ya kalamu kwenye karatasi iliyochapwa. Jumatatu nikapiga hesabu, nikaomba loji ya Seronera itushikilie chumba, nikachapa, nikaweka kwenye faili la kijani mezani kwako. Ulishinda gereji na yale magari mawili. Ukasaini Jumanne asubuhi, nami nikatuma saa nne. Kwao ilikuwa saa nane usiku. Walijibu kwa adabu sana kwamba Jumatatu walishalipa dipoziti kwa kampuni nyingine ya hapa hapa mjini.

Mzee, bei yetu haikuwa mbaya. Mgeni wa namna hii haandikii kampuni moja, anaandikia tatu au nne kwa mara moja, na anayemjibu kwanza vizuri ndiye anayeanza kuulizwa maswali. Akishaulizwa mara tatu na kujibu mara tatu, tayari amekuwa mwenyeji wao. Sisi tukifika na bei nzuri siku ya nne, tunakuta mazungumzo ya watu wawili wanaofahamiana.

Najua sahihi ilianzia wapi, maana madereva wa zamani wametusimulia. Kuna kijana alitoa bei ya Serengeti akasahau kwamba barabara inapita ndani ya Ngorongoro. Kwa viwango tunavyopigia hesabu sasa, mgeni mtu mzima ni dola 60, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa dola 70.80 kwa saa 24. Wageni wawili, kwenda na kurudi, ni dola 283.20. Anayesahau pia kushuka kreta anaongeza dola 295 za gari. Fedha hizo hazidaiwi mgeni aliyekwisha kulipa. Zinatoka mfukoni mwako, kwa sababu pale geti la Loduare gari haliruhusiwi kupita kwa maelezo. Hofu hiyo naielewa, na sidhani ni ya kizee.

Tena nakiri jicho lako linaona ambayo sisi vijana hatuyaoni. Mwezi uliopita uliirudisha ratiba ya mwenzangu kwa mstari mmoja wa kalamu. Wageni walikuwa wameingia Serengeti kwa geti la Naabi saa nane mchana, yeye akawapangia siku ya kutoka wale chakula cha mchana Seronera kwanza. Kibali kinahesabu saa, hakihesabu usiku. Wangefika getini saa nane imeshapita, na kwa Julai hiyo ni siku nyingine ya dola 82.60 kwa kila mgeni. Wewe uliandika tu "lunch box, watoke saa nne", ukaendelea na chai yako. Hilo hatukufundishwa chuoni.

Lakini angalia unachokikamata kila mara: ada ya kupita Ngorongoro, kreta, saa za kutoka Naabi, msimu wa bei ya loji. Ni makosa yale yale yanayojirudia, na kosa linalojirudia linaweza kuandikiwa kanuni. Nimeshatengeneza faili la Eksel ambalo ada zote zimefungwa, hakuna anayeweza kuzigusa isipokuwa wewe. Ukiandika Serengeti, linaweka Ngorongoro mara mbili lenyewe. Ukiandika saa ya kuingia Naabi, linakupa saa ya mwisho ya kutoka, na ratiba ikivuka, kisanduku kinakuwa chekundu na jumla haitokei. Faida ikishuka chini ya kiwango utakachoweka wewe, vivyo hivyo.

Ombi langu ni kwamba safari zetu za kawaida, zile njia tunazouza kila wiki, kwa wageni wasiozidi sita na bila punguzo, zitoke bila sahihi zikishapita kwenye faili hilo. Makundi makubwa, wanaoomba punguzo, ajenti wapya, wanaotaka kwenda Natron au kuunganisha na mlima, hao waendelee kuja kwenye faili la kijani. Huko ndiko kunahitaji mtu aliyelala porini miaka mingi. Sasa hivi jicho hilo linatumika kuhakiki jumla ya safari tuliyoiuza wiki iliyopita kwa bei hiyo hiyo.

La pili ni saa. Mmoja wetu wa rizevesheni, kwa zamu, aingie saa sita mchana atoke saa tatu usiku. Ukitoa saa moja ya kula ni saa nane za kazi, siku tano ni arobaini, na Jumamosi saa tano zinafika 45 ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu kwa wiki. Hakuna ovataimu. Kuna kitu kidogo tu: sheria hiyo inahesabu usiku kuanzia saa mbili, kwa hiyo ile saa moja ya mwisho ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa saa hiyo. Mhasibu ataihesabu kwa dakika moja. Daftari nalo libaki, ila mstari mwekundu wa mtu wa zamu uchorwe saa sita na robo.

Haitatatua kila kitu. Mwezi wa kwanza, saa tatu usiku yetu ni saa saba mchana New York, wa California ndiyo kwanza wako saa nne asubuhi, na wengine wataandika tukiwa tumelala. Ila yule wa Ijumaa saa moja na nusu angepata bei kabla hajala chakula chake cha mchana.

Kama utakubali tujaribu, tuanze Aprili, mvua zikiwa nyingi na wageni wachache, ili makosa yakitokea yawe ya bei nafuu. Na kabla ya kuanza tukubaliane nani analipa bodaboda ya mtu wa zamu, kwa sababu daladala za Kwa Mrombo saa hizo si za kutegemea, na dada zetu wawili wanakaa huko.

Kijana wako wa rizevesheni