Mwalimu, maji yatakupwa saa nne

Barua hii nilimwandikia mwalimu wa darasa wa binti yangu asubuhi ambayo maji yalitukatia njia ya shule. Naiweka hapa kwa sababu wazazi wengi wa Mishomoroni, tunaokaa chini karibu na mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor, tuna neno hilohilo la kusema.

"Assalaam aleikum Mwalimu. Binti yangu leo hakufika. Si mgonjwa, wala sikumtuma kazi. Mvua ya usiku imejaza njia pale kwenye kalvati. Niliingia mimi kwanza na fimbo, na maji yakanifika magotini. Ukingo wa mtaro hauonekani, mifuniko miwili imeng'oka, na maji yanakwenda kasi. Mtoto akikosea hatua moja pale, amekwenda. Tena si maji ya mvua matupu, kwa maana vyoo vya shimo vya bondeni vimefurika. Nimemrudisha nyumbani.

Ninaloomba si ruhusa ya leo tu. Mwezi umeandama juzi, hii ni bamvua. Siku hizi bahari hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri, ikakupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Ikijaa huziba mdomo wa mtaro wetu, na maji ya mvua yakakosa pa kutokea. Watoto wanapotoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, bahari ingali juu. Ikifika saa tatu mtaro huanza kuvuta, na saa nne njia hupitika. Naomba siku kama hizi nimlete wakati wa mapumziko, asiandikwe mtoro wala asisimamishwe getini na waliochelewa."

Barua yenyewe iliishia hapo, lakini yapo niliyoyabakisha.

Huku pwani masika hunyesha tangu Aprili hadi Juni, na Mei ndiyo kiini chake. Muhula wa pili nao hufunguliwa papo hapo. Mwaka 2024 shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, zikaahirishwa kwa ajili ya mafuriko, na watoto wakarudi tarehe 13 Mei. Wakati ule hakuna mtoto aliyeitwa mtoro, maana tangazo lilitoka Nairobi. Mafuriko yetu ya kalvatini ni ya muda wa saa tano au sita tu. Hayatangazwi redioni, na aliye upande wa pili wa mtaa huenda asijue kama yapo. Kwa hiyo mzigo wote humwangukia mtoto, ama avuke maji asiyoyaona chini, ama aandikwe hakuja. Hilo kwangu ni dhulma, na dawa yake haihitaji hata shilingi.

Bamvua haimjii mtu ghafla. Anayefuata mwezi wa Kiislamu anajua kuwa huwa na nguvu baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, yaani kiasi cha tarehe mosi hadi tatu, na tena kumi na tano hadi kumi na saba. Kila siku kujaa kwa bahari hukawia kidogo, wastani wa dakika 50 hivi, kwa hiyo njia iliyofunguka leo saa nne, kesho itafunguka karibu na saa tano. Mvuvi yeyote wa hapa atakupa saa hizo bila kutazama karatasi. Mwalimu akizijua mapema, anaweza kupanga siku yake.

Lakini si kila maji yaliyotuama hufuata bahari. Juu huko kuna mashimo ya zamani ya kuchimbia mawe, na maji yake hayana mdomo. Ukitaka kujua, chomeka kijiti pale maji yanapoishia wakati bahari inakupwa na mvua imekatika, kisha urudi baada ya saa moja. Kijiti kikiwa pakavu, ngoja, njia itafunguka. Maji yakiwa palepale, mtoto wa upande huo hatafika siku hiyo wala pengine kesho yake, na huyo anafaa kutumiwa kazi ya nyumbani kwa simu ya mzazi.

Mwalimu alinijibu jioni, na namshukuru kwa moyo wote. Alisema watoto wa ng'ambo ya kalvati wako kadhaa darasani mwake, na hisabati ndiyo wanayoikosa kila mara kwa kuwa ni kipindi cha kwanza. Siku za bamvua zenye mvua atakipeleka baada ya mapumziko, mradi mzazi mmoja ampigie kabla ya saa kumi na mbili amweleze hali ya njia. Nimekubali kuwa mzazi huyo. Ila kuhusu rejista alisema hana uwezo, hilo ni la mwalimu mkuu. Barua ya mwalimu mkuu nimekwisha kuianza, na hii nitaipitisha nyumba kwa nyumba tuitie sahihi sote wa upande huu kabla mwezi haujafika kumi na tano.